Laki mbili kwa mwezi Ujerumani: hubaki ngapi?

Barua

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku Likoni hatujambo, na baba anakusalimu sana.

Nilipohitimu shahada ya biashara nilidhani ningepata kazi ya ofisini kabla ya mwaka kuisha, lakini mpaka leo ninaandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Sasa kuna ofisi ya mawakala hapa Mombasa inayoniahidi nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani, ambayo wao huiita Ausbildung. Wanasema nitalipwa zaidi ya shilingi laki mbili kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, kwamba mwajiri ana nyumba ya wafanyakazi, na kwamba kwa mujibu wa mkataba wa serikali mbili Wakenya 250,000 wanahitajika huko. Wanataka shilingi 450,000, nusu yake kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Baba yuko tayari kuuza kile kiwanja cha Matuga.

Mimi Kijerumani changu ni cha kiwango cha A1 tu, yaani cha mwanzo kabisa, na uuguzi sijawahi kuufikiria. Picha unazotutumia kutoka huko Ujerumani ni za arusi na za theluji, na ukipiga simu huwa unauliza habari zetu kuliko kutueleza zako. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Nakuomba uniambie ukweli bila kunihurumia: kazi yenyewe ikoje, gharama za maisha ni kiasi gani, na kinachobaki mkononi ni kitu gani?

Mpwa wako,
Likoni

Jibu

Mwanangu,

Marahaba. Kiwanja cha Matuga kisiuzwe kwa ajili ya jambo hili, na mwambie baba yako kwamba ni mimi niliyesema hivyo. Sababu zangu zimo humu, naye akizisoma ataona kwamba sikuzuii kuja.

Nianze na ule mkataba wa serikali, kwa sababu naona ndio unaotumika kuwaharakisha watu. Ni kweli kwamba Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, wakati wa ziara ya Rais Ruto. Lakini mkataba huo hautaji idadi yoyote ya watu wala mgao wa kazi. Habari ya watu 250,000 ilipoanza kuenea, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza hadharani ikasema si ya kweli. Unachofanya mkataba ni kurahisisha ushirikiano wa ofisi za nchi hizi mbili, ukiwamo utaratibu wa kuwarudisha Wakenya wasio na haki ya kukaa huku, jambo ambalo mawakala huliruka. Kila anayetaka kuja kwa mafunzo haya bado anapaswa kuwa na mwajiri wake, lugha yake na viza yake, kama ilivyokuwa hapo awali. Hakuna foleni inayofungwa mwisho wa mwezi ujao. Mafunzo haya huanza kila mwaka, katika shule nyingi kipindi cha masika huku na tena kipindi cha vuli, na waajiri wanatafuta wanafunzi kila mara.

Sasa fedha. Hizo laki mbili si uongo, na hapo ndipo ugumu wa kuwapinga mawakala ulipo. Katika hospitali na nyumba za wazee zinazofuata viwango vya utumishi wa umma, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huandikiwa zaidi ya euro 1,400 kwa mwezi, na ukizidisha kwa shilingi 150 unapata hizo laki mbili na ushee. Nyumba nyingine za binafsi hulipa chini ya hapo. Lakini hiyo ni fedha iliyoandikwa kwenye mkataba kabla ya makato, ambayo kwenye karatasi utaiona ikiitwa brutto. Unayoiona benki huitwa netto, na hiyo wakala hakukutajia.

Mwanafunzi mmoja ninayemwelekeza kazini kwangu katika nyumba ya wazee, kijana wa Kilifi, ameniruhusu nikuandikie hesabu zake bila kumtaja jina. Hati yake ya mshahara inaonyesha euro 1,415. Pensheni inachukua karibu 132, bima ya afya inapita 120 kidogo, kisha hukatwa bima ya matunzo ya uzeeni na bima ya ukosefu wa kazi, hata jumla ya makato ikazidi euro 300. Kodi ya mapato kwa mshahara wa kiwango hicho ni karibu na bure. Zinazoingia benki ni euro 1,100 hivi.

Anaishi katika nyumba ya wafanyakazi aliyopewa na mwajiri, chumba kimoja chenye jiko na bafu la kushirikiana na wenzake, na analipa euro 390 pamoja na maji, umeme na joto. Ofisi yako imesema kuna nyumba, nayo haikudanganya, ila haikusema kwamba nyumba hiyo inalipiwa. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida ni euro 63 tangu Januari 2026. Chakula, kwa kijana anayejipikia wali, maharagwe na kuku, na asiyenunua chakula kazini, humfikisha kama euro 230. Simu ni 15. Ada ya redio na televisheni, ambayo hulipwa na kila makazi hata kama humiliki televisheni, ni 18.36. Sabuni, kinyozi, bima ya kumlipa mtu ukimharibia mali yake, na kidogo anachoweka kwa ajili ya koti na viatu vya baridi, ni kama 70. Jumlisha utapata karibu 786. Hubaki euro 310 na kitu, yaani shilingi 47,000 hivi, na hapo hajatuma hata senti nyumbani, hajanunua tiketi ya kuja likizo, wala hajaumwa jino.

Shilingi 47,000 zinazobaki baada ya kula na kulala si kidogo ukizilinganisha na 18,000 zako, nami sitajifanya kwamba ni kidogo. Lakini sasa weka pale zile 450,000 za wakala. Ni euro 3,000. Kijana huyu angelazimika kukaa karibu miezi kumi bila kutuma chochote, bila kuweka chochote, ili arudishe tu bei ya kiwanja. Katika miezi hiyo kumi ndimo mnamopita kipindi cha majaribio cha miezi sita, ambamo mwajiri anaweza kuuvunja mkataba wakati wowote, na ndimo wanafunzi wengi huchoka wakataka kuacha. Mtu mwenye deni la namna hiyo hawezi kuacha hata anapoonewa. Nimewaona wakija kazini na homa kwa kuogopa kuonekana wavivu, ilhali sheria ya huku humlipa mgonjwa mshahara wake kamili hadi wiki sita.

Usiweke tumaini kwenye nyumba ya nje pia. Anayetaka kupanga mwenyewe huombwa hati za mshahara za miezi mitatu, ambazo mgeni hana, na dhamana inayoweza kufika kodi ya miezi mitatu. Ukisoma matangazo, bei inayoitwa Kaltmiete ni ya kuta tupu, na Warmmiete ndiyo yenye joto na maji ndani yake. Umeme mara nyingi hauhesabiwi katika mojawapo. Kisha ndani ya wiki mbili tangu kuhamia ni lazima ujiandikishe katika ofisi ya mji ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Wapo wanaokuja wakalala sebuleni kwa rafiki asiyeweza kuwasainia, na bila usajili huo wanakwama kwenye benki, kwenye kodi na kwenye kibali cha kukaa. Kwa hiyo chumba cha mwajiri kiwe kimeandikwa kwenye mkataba au kwenye barua yake, pamoja na bei na muda wake.

Kuhusu kazi yenyewe nitakueleza asubuhi moja, kwa kuwa ndiyo utakayoirudia zaidi. Zamu ya asubuhi katika nyumba yetu ya wazee huanza saa kumi na mbili kamili, na kijana wa Kilifi huamka saa kumi na nusu kwa sababu basi la kwanza ni moja tu. Kwanza kuna makabidhiano: mwuguzi wa usiku anasoma haraka nani ameanguka, nani amekataa dawa, nani ana jeraha la mgongoni, na yote hayo kwa Kijerumani cha mtu aliyechoka anayetaka kwenda kulala. Kisha unaingia chumbani kwa mzee, unamsalimu, unamwosha uso, kwapa, sehemu za siri na miguu, unambadilisha nepi, unaangalia ngozi ya nyonga na visigino kama imeanza kuwa nyekundu. Ukifika kwenye soksi za kubana, zile za kuzuia miguu isivimbe, unazivuta polepole kutoka vidole hadi chini ya goti bila kuacha kunjo hata moja, kwa kuwa kunjo huchubua ngozi nyembamba ya mzee. Mwanafunzi mgeni hutoka jasho kwenye mguu mmoja, na mguu wa pili haujaguswa. Akimaliza, kengele ya chumba kingine inalia, na bado kuna kifungua kinywa, dawa na kuandika kwenye kompyuta kila ulichofanya.

Mtoto wa kiume wa kwetu hushtuka kuosha mwili wa mama mzee, nami sitakudharau ukishtuka. Fikiri juu ya hilo sasa, ukiwa bado huko. Wengi wa wazee wetu wamepotewa na kumbukumbu. Yupo atakayekushika mkono akakuita jina la mwanawe, na yupo atakayekutukana kwa rangi yako na kukataa umguse. Kiongozi wa zamu mwema humbadilishia mzee huyo mhudumu bila kukulaumu, na mbaya hukwambia uvumilie. Vilevile mgongo. Kuna mashine za kuwanyanyulia wagonjwa, lakini watu huzikwepa kwa haraka, na ninaowajua waliokwenda kutibiwa mgongo ni wale waliozikwepa. Kazi ya usiku hutaifanya mwanzoni: katika mafunzo haya huja nusu ya pili, kwa saa zisizozidi 120, na ni lazima mwuguzi aliyehitimu awe nawe. Ukiona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameachwa peke yake usiku na wazee wote wa ghorofa, hapo sheria imevunjwa.

Zamu za asubuhi, mchana na wikendi huchanganywa na majuma ya shuleni. Kwa miaka mitatu utasoma saa 2,100 darasani na kufanya kazi saa 2,500, nawe utafundishwa anatomia, dawa na sheria kwa lugha ambayo leo unaijua kwa salamu tu. Ada ya shule hakuna, iliondolewa kwa sheria mpya ya uuguzi iliyoanza Januari 2020. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa ulishike zaidi ya yote: mafunzo haya hayauzwi. Mwajiri ndiye anayekutafuta na ndiye anayekulipa, na sheria hiyohiyo inabatilisha kipengele chochote cha mkataba kinachomtaka mwanafunzi alipie mafunzo yake au atozwe faini akiondoka. Wakala anaweza kutoza kwa huduma halisi, kama darasa la lugha au tafsiri ya vyeti, na hapo mwambie akuandikie kila huduma na bei yake. Akikataa kuitenganisha ile 450,000, ujue anauza mkataba.

Ukipewa mkataba, usome mambo machache. Uwe na majina mawili, la mwajiri na la shule, kwa kuwa mafunzo haya hayawezekani bila shule. Cheo cha mwisho kiandikwe Pflegefachmann, yaani mwuguzi kamili, na muda uwe miaka mitatu. Ukiona mwaka mmoja, hayo ni mafunzo ya msaidizi, ambayo mshahara wake wa baadaye ni mdogo na ngazi yake ni fupi, na mawakala hupenda kuyachanganya. Vilevile kuna mwaka wa kujitolea, ambao ni halali kabisa na una manufaa yake, ila unalipwa posho ya mfukoni tu, na nimekutana na wasichana wawili wa Nakuru waliouziwa kama kazi. Kisha mtafute mwajiri kwa namba iliyo kwenye tovuti yake mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi ya wakala. Nafasi za kweli hutangazwa wazi kwenye tovuti ya shirika la ajira la serikali, arbeitsagentur.de, na maelezo ya viza yako make-it-in-germany.com. Zote hazina malipo. Huko nyumbani, angalia pia kama ofisi hiyo ina leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ingawa leseni peke yake haimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Shahada yako haitapotea, lakini katika njia hii itakaa kabatini kwa miaka mitatu, na sitaki ugundue hilo ukiwa umevaa sare. Wapo watakaokwambia uje kwa kadi ya kutafuta kazi inayotolewa kwa waliohitimu tangu Juni 2024. Inakupa mwaka mmoja wa kutafuta, lakini mwaka 2025 ilihitaji uonyeshe zaidi ya euro 13,000 za kujikimu, na ofisi za uhasibu huku huandika kwa Kijerumani. Bila lugha, mwaka ule utaishia kwenye kuosha vyombo. Kwa mtu mwenye mtaji wako, mafunzo ya uuguzi ni njia nafuu zaidi, na kwa anayeipenda kazi hii ni njia nzuri. Akihitimu, mwuguzi huanza kwa zaidi ya euro 3,000 kabla ya makato. Hapo kodi huingia kwa nguvu, na mseja hupoteza karibu theluthi moja, lakini zinazobaki ni mshahara wa kuishi na kujenga, na mwenye cheti hicho ndiye anayewachagua waajiri.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kwenye lugha. Viza ya mafunzo kwa kawaida hudai kiwango cha B1, na shule na waajiri wengi wa uuguzi hutaka kile cha juu yake, B2. Kutoka A1 hadi B2 ni kama mwaka mzima wa kusoma kila siku, si masaa mawili ya Jumamosi. Mtihani ufanye katika taasisi inayotambuliwa, kama Goethe-Institut iliyoko Nairobi. Cheti cha kununua kitafika hadi ubalozini, ambako utahojiwa, au kitafika hadi chumba cha makabidhiano saa kumi na mbili asubuhi, ambako kitakuaibisha kila siku. Na hata B2 ya kweli haikutoshi mwanzoni, maana wazee hawa huzungumza kwa lafudhi ya kijijini na hawana meno.

Gharama ya darasa kwa mwaka haitafika hata nusu ya alichokutajia wakala, nami nitachangia robo yake, kila muhula nikiona matokeo yako. Kabla ya darasa kuanza, omba kujitolea katika kituo cha wazee au wodi ya hospitali hapo Mombasa kwa majuma machache, uoshe watu, ubadilishe vitanda. Ukiona huwezi, utakuwa hujapoteza kitu ila nauli ya feri kwa gari, kwa miguu hata hiyo hulipi. Ukiona unaweza, waajiri wa huku wataithamini barua ya kituo hicho kuliko shahada yako ya biashara.

Ofisi ile usiipe hata shilingi ya kuweka nafasi. Waambie wakupe mkataba wenye jina la mwajiri, uupige picha kurasa zote na unitumie. Siku yangu ya mapumziko ni Jumatano. Nitampigia mwajiri mwenyewe, niulize kama anakujua, anamlipa wakala kiasi gani, na kama ana habari kwamba na wewe unalipishwa.

Shangazi yako